Risiti ya shemeji: tarakimu zinasema lake, maneno yanasema lake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mtunza hazina wa kikundi cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo, hapa Dodoma. Msimu uliopita tulimuuzia zabibu shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye hununua kwetu na kuwapelekea watengeneza mvinyo. Daftari la mizani linaonyesha kreti 30 za kilo 20, na bei ilikuwa shilingi 1,150 kwa kilo. Alilipa taslimu, nikamwandikia risiti.

Kwenye kisanduku cha tarakimu niliandika 690,000/=. Kwenye mstari wa maneno niliandika "Shilingi laki tisa na elfu sitini tu". Mstari wa "kwa ajili ya" unasema "malipo ya zabibu", basi. Sikuona kitu, naye hakuona kitu. Siku iliyofuata nilipeleka benki 640,000, maana 50,000 tulikuwa tumewalipa vijana wa kubeba.

Sasa tunakaribia kuvuna tena, na shemeji amekuja na risiti yake. Anasema alilipa 960,000, na ile 270,000 ya ziada ilikuwa tangulizi ya mavuno haya, kwa hiyo tumkate kwenye deni. Anasema mtu wa benki alimwambia kwamba maneno hushinda tarakimu. Mimi nina uhakika nilipokea 690,000, lakini saini iliyoko pale ni yangu.

Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu kama baba, anataka nirekebishe nakala iliyobaki kitabuni ili maneno yafanane na tarakimu, mambo yaishe kabla ya mkutano mkuu. Mume wangu anaona bora nilipe mwenyewe kidogo kidogo ili ndugu wasigombane. Shangazi, nifuate la nani? Na je, ni kweli maneno yameshanifunga?

Mtunza hazina mwenye mashaka, Dodoma

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile neno la mtu wa benki, kwa sababu naona ndilo lililokutia hofu kuliko yote. Alichosema ni kweli, ila ni kweli ya hundi. Sheria yetu ya hundi na hati za madai, Sura ya 215, imefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, na humo mna kanuni hiyo: kiasi kikiandikwa kwa maneno na kwa tarakimu, na viwili hivyo vikatofautiana, kinacholipwa ni kile cha maneno. Sababu yake si ngumu. Tarakimu ni rahisi kuzichezea. Sifuri moja ikiongezwa mwishoni, au moja ikichomekwa mwanzoni, kiasi kimekuwa kingine. Maneno yana herufi nyingi na hujaza mstari, kwa hiyo kuyageuza bila kuacha alama ni kazi.

Lakini angalia hundi ni kitu gani. Hundi ni agizo: mwenye akaunti anaiambia benki imlipe fulani kiasi fulani. Ofisa wa benki hakuwapo mlipopatana, hajui kilo wala bei, hana kitu mkononi isipokuwa ile karatasi. Ndiyo maana sheria ikamwekea kanuni ya kufuata karatasi inapojipinga yenyewe. Na hata hivyo, benki nyingi hazipendi kuitumia. Hundi ambayo maneno na tarakimu zake hazilingani kwa kawaida hurudishwa bila kulipwa, mwandikaji akaandike nyingine, kwa kuwa benki haitaki kubeba lawama ya kukisia.

Risiti ni kitu kingine. Haiagizi mtu kulipa chochote. Inasimulia jambo lililokwisha kutokea: fedha zilitoka kwa huyu, zikaingia kwa yule. Ni ushahidi, na ushahidi mzito, maana umeutia saini kwa mkono wako. Ila si ushahidi pekee unaoruhusiwa. Mtu anaweza kuonyesha kwa vitabu vingine, kwa mashahidi, kwa slipu ya benki, kwamba kilichoandikwa si kilichopokelewa. Na risiti yako ina jambo lake la pekee: haisemi 960,000. Inasema 960,000 mahali pamoja na 690,000 mahali pengine, kwa mkono uleule na saa ileile. Kwa hiyo shemeji naye hana karatasi iliyonyooka. Nyote wawili mnahitaji kitu cha nje ya ile risiti ili kuifasiri.

Basi tuangalie ulicho nacho, na tukiangalie kwa jicho la mtu asiyekufahamu.

Kreti 30 za kilo 20 ni kilo 600. Kilo 600 kwa shilingi 1,150 ni 690,000 kamili. Ukichukua 960,000 ukaigawa kwa 1,150 unapata kilo 834 na ushei, yaani kreti 41 na kipande. Mzigo wa namna hiyo haupo kwenye daftari lako. Hapo umesimama vizuri. Lakini kuna mahali mtu angeweza kukubana, na ni afadhali upaone wewe kwanza. Gawa 960,000 kwa kilo 600, utapata 1,600 bila salio. Ina maana kwamba kama bei ingekuwa 1,600, maneno yako yangekuwa sahihi na tarakimu ndizo zenye kosa. Kwa hiyo nguzo ya hesabu yako yote ni bei. Kilo hakuna anayezibishia; je, bei ya 1,150 imeandikwa wapi? Iko kwenye muhtasari wa kikao kilichopanga bei? Wanachama wengine waliouza msimu ule walilipwa ngapi? Tafuta maandishi hayo. Shemeji hadai bei ya juu, anadai tangulizi, na hilo lenyewe ni kama kukiri kwamba zabibu zilikuwa za 690,000. Mwulize mbele ya mashahidi, kwa upole kabisa, ili jambo hilo moja liwe limekubaliwa na pande zote kabla hamjagusa lingine.

Kisha njoo kwenye fedha zenyewe. Slipu ya benki inasema 640,000. Ukiongeza 50,000 za vijana unapata 690,000. Je, ile 50,000 ina vocha ya malipo yenye saini zao? Ikiwa ipo, mlango huo umefungwa. Ikiwa haipo, mtu atasema kwamba mtunza hazina aliyetoa 50,000 bila karatasi angeweza kutoa na 270,000 bila karatasi. Sisemi ulifanya hivyo. Nasema ndivyo mkaguzi anavyofikiri, na ni kazi yake. Vijana wale bado wapo kijijini. Waombe wathibitishe kwa maandishi ya leo, yenye tarehe ya leo, kwamba walipokea. Usiandike tarehe ya nyuma hata siku moja.

Jambo jingine ni kumbukumbu ya macho. Kama alilipa kwa noti za elfu kumi, 690,000 ni noti 69. Laki tisa na elfu sitini ni noti 96, yaani bunda zima la noti 100 lililopungua noti nne tu. Vitu hivyo viwili havifanani mezani. Mmoja anahesabu vifungu na noti za pembeni. Mwingine analeta bunda na kuchomoa noti nne. Wewe, shemeji, na yeyote aliyekuwapo mlipohesabu, mnakumbuka nini? Kila mmoja aulizwe peke yake, kabla hamjajadiliana, maana watu wakizungumza pamoja kumbukumbu zao huanza kufanana.

Sasa niseme kuhusu kosa lenyewe, kwa sababu nadhani umejilaumu mahali pasipo pake. Toa 690,000 kwenye 960,000, unabaki na 270,000. Gawa kwa tisa, unapata 30,000 kamili. Wahasibu hupenda kujaribu hivyo tofauti inapojitokeza: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa tisa siku zote. Si uthibitisho, maana tofauti nyingine nazo hugawanyika kwa tisa kwa bahati tu, tena haikuambii kiasi kipi ni cha kweli. Inakuambia pa kutafuta.

Na ukitafuta kwenye maneno utakuta hivi. Sita na tisa ni herufi nne zilezile, zimepangwa tofauti. Sitini na tisini, herufi sita zilezile. Hakuna hesabu nyingine za Kiswahili zinazokaribiana kiasi hicho. Uliandika laki tisa pahali pa laki sita, na ukishakuwa umeitumia tisa, mkono ukamalizia kwa ile iliyobaki: elfu sitini. Kila neno limeandikwa sawasawa. Ndiyo maana wewe hukuona na shemeji hakuona. Ungeandika "selasini" badala ya thelathini, jicho lingestuka, lakini hakuna ambaye angesema kwamba hiyo si 30. Mwingine huandika arobaini, mwingine arubaini, na fedha ni zilezile. Kosa la tahajia linaloonekana halina madhara makubwa kwenye risiti. Linaloumiza ni neno lililoandikwa vizuri kabisa ambalo si lake.

Kwa hiyo, mwanangu, naomba umfikirie shemeji kwa namna nyingine kidogo. Barua yako haikumwita mwizi, lakini naona hilo wazo linakuzungukia. Inawezekana anajua anachofanya. Inawezekana pia kwamba alipokuwa anajaza daftari lake, siku nyingi baada ya kulipa, alisoma mstari wa maneno akaandika 960,000, kisha akajiuliza kwa nini zilizidi, akajijibu kwamba bila shaka alitanguliza kidogo. Mfanyabiashara anayelipa wakulima wengi kwa siku moja hakumbuki kila noti. Anaamini karatasi, na karatasi uliyompa wewe ndiyo ilimwambia hivyo. Daftari lake litasema mengi. Kama liliandikwa "tangulizi" siku ileile ya malipo, hilo ni jambo zito na itabidi ulichukulie hivyo. Kama neno hilo limekuja baadaye, au halipo, nalo ni jambo.

Mstari wako wa "kwa ajili ya" ungeweza kumaliza ubishi huu wote. "Malipo ya zabibu" haimsaidii yeye, kwa sababu tangulizi haikutajwa. Haikusaidii wewe pia, kwa sababu haisemi zabibu zipi. Ungekuwa umeandika "malipo ya zabibu kilo 600 kwa sh. 1,150", hesabu ingejisahihisha yenyewe palepale. Safari hii andika hivyo.

Nije kwa mzee mwenyekiti. Naelewa kwamba anakulinda, na kwamba kumkatalia mzee si jambo jepesi. Lakini alichokuambia ufanye ndicho kilicho hatari kuliko vyote. Fikiria kitakachotokea: nakala ya kitabuni itasema laki sita na elfu tisini, na ya mkononi mwa shemeji itasema laki tisa na elfu sitini. Nakala ya kaboni inatakiwa kuwa kivuli cha ile halisi. Zikiwekwa pamoja mezani, zikatofautiana, hakuna atakayeuliza tena kuhusu zabibu. Watauliza nani amegusa kitabu. Wino wa kalamu juu ya alama ya kaboni huonekana kwa macho, na hata mgandamizo wa kalamu huacha alama kwenye karatasi za chini. Kubadili hati ili idanganye ni kughushi, na Kanuni ya Adhabu inalitaja kuwa kosa la jinai. Leo una kosa la kalamu ambalo linaelezeka. Ukigusa nakala ile, utakuwa umeligeuza.

Unaweza kumjibu mzee kwa heshima bila kumwambia amekosea: "Baba, nakala hii nikiigusa nitakuwa nimekuweka na wewe matatani, maana wewe ndiye mwenyekiti. Naomba tuirekebishe pamoja kwa njia ya wazi." Nadhani atasikia.

La mume wako linatoka kwenye mapenzi na sitalibeza. Wapo waliolipa namna hiyo wakapata amani nyumbani. Jua tu kwamba malipo hayo yana maana mbili. Kwenye familia yatasomwa kama ukarimu. Kwenye kikundi yanaweza kusomwa kama kukiri kwamba 270,000 zilipita mikononi mwako. Na kuna tatizo la vitabu: ukimpa shemeji fedha zako kimyakimya, risiti yenye kasoro itabaki kitabuni na deni litabaki limeandikwa, kisha mkaguzi atauliza mwakani. Ukiamua kulipa, bado karatasi lazima isahihishwe, na ieleweke kwa maandishi kwamba umelipa ili kuleta suluhu, bila kukubali kwamba ulipokea zaidi. Hapo ni wewe na mume wako kupima kama fedha hiyo inawauma kiasi gani, na kama shemeji akipata safari hii, mtakuwa mmejenga mazoea gani.

Kuna njia ya kukaa. Wewe, shemeji, mwenyekiti, katibu, na pengine ofisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye kazi yake ni pamoja na kulea vikundi kama chenu. Mezani kuwe na kitabu cha risiti, daftari la mizani, daftari la fedha, slipu ya benki, vocha ya vijana, na daftari la shemeji. Msianze na swali la nani kasema kweli. Anzeni na kilo, kisha bei, kisha fedha zilizoingia benki, kila hatua ikubaliwe kabla ya kuendelea. Hatari yake ni kwamba shemeji anaweza kuona aibu mbele ya watu na kukaza shingo, na hapo mume wako atakuwa katikati. Pengine mume wako angemtangulia, wakaongea ndugu kwa ndugu, amwonyeshe ile hesabu ya kilo 600 na zile sita na tisa, ampe nafasi ya kusema "kumbe" akiwa nyumbani kwake. Wewe ndiye unayewajua. Kama ni mtu wa kulainika faraghani au wa kuhitaji mashahidi, mimi siwezi kukuamulia.

Mkielewana, marekebisho hufanywa hivi. Shemeji anarudisha ile risiti halisi. Unaichora mistari miwili ya mshazari, halisi na nakala yake pia, unaandika katikati IMEFUTWA, na chini yake "angalia risiti namba fulani", ukitaja namba ya ile mpya. Nyote mnatia saini na tarehe. Risiti iliyofutwa unaibandika kitabuni kwenye nafasi yake, usiichane wala kuitupa, maana namba inayokosekana humpa mkaguzi maswali mengi kuliko kosa. Kisha unaandika risiti mpya yenye tarehe ya siku hiyo mnayoketi, na kwenye "kwa ajili ya" unaeleza kwamba inachukua nafasi ya ile ya zamani. Daftari la fedha hulibadilishi, kwa kuwa fedha iliyoingia haijabadilika, ila pembeni unaandika rejea ya namba mpya.

Akikataa kuirudisha, andika maelezo ya ukurasa mmoja: kilichoandikwa, unachodai ulipokea, na vielelezo. Mwenyekiti na katibu watie saini kwamba wameyapokea, yawekwe kwenye faili, na mkutano mkuu uambiwe na wewe mwenyewe kabla haujasikia kwa mtu mwingine. Shemeji akitaka kuendelea, Mahakama ya Mwanzo ipo na madai ya kiasi hicho inayasikiliza. Huko nako maelezo yale yatakufaa, kwa sababu yataonyesha hukuficha.

Limebaki jambo ambalo hukuuliza, ila risiti zako nyingine zimenitia wasiwasi. Uliandika "laki tisa na elfu sitini", ukalitaja neno elfu. Kiasi hakikuwa chake, lakini muundo huo ni mzuri, ushikilie. Wengi huandika jinsi tunavyosema: "laki mbili na hamsini". Sokoni Majengo kila mtu anajua hiyo ni 250,000. Kwenye karatasi inaweza kusomwa 200,050. "Elfu mia mbili na hamsini" ina mashaka yaleyale. Wapo wanaokwepa kwa kuweka elfu mwishoni, "mia mbili na hamsini elfu", lakini nayo mtu mbishi ataisoma kuwa mia mbili, na juu yake elfu hamsini, ambayo ni 50,200. Kwa kawaida bei husaidia kuondoa utata, maana zile shilingi 50 za mwishoni ni nadra. Kwenu si nadra sana, kwa kuwa mnauza kwa mizani. Mkulima akileta kilo 167 kwa bei ileile ya 1,150, anastahili 192,050. Ukiandika "laki moja tisini na mbili na hamsini", umempa msomaji kazi ya kukisia. Andika "Shilingi laki moja, elfu tisini na mbili, na shilingi hamsini tu". Kila fungu lina jina lake: laki, elfu, shilingi. Hakuna pa kukosea.

Anza kuandika ukingoni kabisa mwa mstari, usiache nafasi ambayo mtu angechomeka "laki moja na" mbele ya "elfu hamsini" yako. Neno "tu" liweke bila pengo baada ya neno la mwisho, kisha chora mstari hadi ukingo wa pili. Hasa neno hilo la mwisho likiwa sita, saba au tisa, kwa sababu hizo tatu ndizo zinazogeuka sitini, sabini na tisini kwa kubadili herufi ya mwisho na kuongeza mbili. Na usihakiki kwa kutazama. Funika tarakimu kwa kidole, mwombe mlipaji asome maneno kwa sauti, wewe uandike anachosema kwenye karatasi ya pembeni kwa tarakimu, kisha fungua ulinganishe. Jicho lililoandika 690,000 litaona 690,000 hata pale pasipo nayo. Sikio halina kumbukumbu hiyo.

Kabla ya mkutano mkuu, pitia vishina vyote vya msimu kwa njia hiyohiyo, wewe na katibu, mmoja asome na mwingine aandike. Ukikuta nyingine yenye kasoro, usiiguse. Iandike kwenye orodha: namba yake, tarakimu zinasemaje, maneno yanasemaje, mizani inasemaje. Orodha hiyo mpelekee mzee mwenyekiti pamoja na ile ya shemeji, zote kwa siku moja.

Shangazi yako